Paka wa sufu huanzia kiinini

Herufi moja tu yaweza kukupotezea siku nzima. Sisi wa Pwani twaijua sana sufi, ile pamba nyepesi itokayo katika maganda ya msufi, ambayo mafundi wa magodoro wameishindilia ndani ya mito tangu enzi za mababu. Sufu ni kitu kingine kabisa. Sufu ni manyoya ya kondoo. Mtu akisikia kwamba kuna kazi ya mikono ya kutengeneza wanyama wadogo kwa kudunga sufu na sindano mpaka ikaze, na nyumbani ana mto uliochanika, ni rahisi mno kuanza na kile kilicho karibu.

Ndivyo alivyofanya msichana mmoja mkaazi wa Makadara, mwanafunzi wa chuo, ambaye alikuwa ameletewa sindano sita na jamaa yake anayeishi ng'ambo. Alitaka kumtengeneza paka aliyeketi, mfano wa wale wanaojilaza vizingitini kule Mji wa Kale, ili ampe mpwa wake wa miaka mitatu. Alichukua sufi ya mto wa zamani wa mamake, akaifinyanga kama donge, akaanza kudunga. Alidunga tangu adhuhuri hadi alasiri. Donge likabaki vilevile.

"Haishiki ng'o!" aliniambia. "Unadunga, ukiinua sindano na yenyewe yafumuka. Mama akanitazama akacheka, akasema, mwanangu, unaichoma sufi ya bure."

Sababu yake ni hii. Unywele wa sufu ukiutazama kwa kioo cha kukuzia vitu katika maabara, utaona umefunikwa na magamba madogo mfano wa vigae vya paa, na isitoshe umejipinda-pinda kama mawimbi. Nyuzi nyingi za namna hiyo zikisukumwa pamoja, magamba hukwamana na mapindi hushikana, na hazirudi tena zilikotoka. Sufi haina magamba wala mapindi. Uzi wake ni mrija laini, mtupu ndani, wenye nta juu yake, na ndiyo maana hufaa kwa godoro, kwa vile haishikamani haraka. Kile kinachoifanya nzuri kwa kulalia ndicho kinachoifanya isifae kwa kazi hii.

Usidhani pia kwamba manyoya ya kondoo yeyote yatafaa. Wale kondoo wenye kichwa cheusi na wale wekundu wa Kimaasai, ambao wengi wetu huwaona wakifungwa uani siku za kukaribia Idd, wana nywele fupi zilizonyooka zaidi kuliko sufu. Sufu ya kweli hutoka bara, kwenye baridi, kwa kondoo aina ya merino, Corriedale na machotara wao wanaofugwa pande za Molo, Nyandarua na Laikipia. Huko ndiko akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers, kikundi kilichoanzishwa mwaka wa 1977, husokota sufu kwa mikono na kufuma mazulia. Wewe hutaki uzi uliosokotwa. Unachotaka ni sufu iliyokwisha kuoshwa na kuchanwa, kabla haijafikia gurudumu la kusokotea. Kwa kiini cha mnyama, omba ile isiyo laini mno, kama ya Corriedale, kwani hukaza upesi. Merino laini iweke akiba kwa ngozi ya nje.

Sasa tuitazame sindano yenyewe, maana haifanani na ya kushonea. Haina tundu la uzi. Ina urefu wa inchi tatu na nusu hivi, kichwa chake kimepindwa, na sehemu yake ya chini ina pembe tatu. Kwenye kingo za pembe hizo kumechongwa vijino vidogo vinavyotazama chini. Ukiichomeka, vijino hukamata nyuzi za juu na kuzipeleka ndani. Ukiivuta, huziachilia huko huko. Sindano hizi zilibuniwa kwa ajili ya mashine za viwanda, ambazo hudunga kwa maelfu ya sindano kwa mpigo mmoja ili kutengeneza vitambaa vizito vya kutandikwa chini ya mazulia na vinginevyo. Mapema katika miaka ya 1980, David na Eleanor Stanwood wa Massachusetts, Marekani, waliichukua sindano ya mashine wakaitumia kwa mkono, na ufundi huo ukaenea kutoka hapo.

Kwa kuwa ilikusudiwa mashine ambayo hupanda na kushuka wima bila kuyumba, sindano hii imetengenezwa kwa chuma kikavu. Haipindi kama pini. Ukiilazimisha upande, hukatika. Namba yake ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba zaidi. Ya 36 ni nene na ndiyo ya kiini, ya 38 ni ya kutengenezea umbo, na ya 40 ni ya kumalizia.

Msichana wetu alipopata sufu ya kweli, aliharibu tena, safari hii kwa njia ambayo huwapata karibu wote wanaoanza. Alifinyanga donge la ukubwa wa ndimu, akalidunga pande zote kwa haraka, juu juu, mpaka likawa zuri kwa macho. Akatia kichwa. Kichwa kikayumba kama cha mtoto mchanga. Akadunga shingo kwa nguvu ili kikaze, na sindano ya kwanza ikakatika. Akaendelea, ikakatika ya pili. Ya tatu ilikatika akijaribu kukichonga kiuno. "Nalidhani ni sindano mbovu," alisema.

Sindano zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa katika kiini. Alipodunga juu juu, alitengeneza ngozi ngumu iliyofunika tumbo tupu, mfano wa yai lililochemshwa nusu. Sindano ilipopita katika ngozi hiyo ilibanwa kwa nguvu, kisha ikatumbukia mahali laini, na donge likabonyea na kuyumba chini yake. Hapo mkono wa kushoto ukaligeuza donge ilhali sindano bado imo ndani. Sindano imeshikwa shingoni na ngozi ngumu, na ncha yake inavutwa upande. Itafanya nini isipokuwa kukatika? Kwa maoni yangu, sindano nyingi zinazokatika huwa zimeuawa na kiini kibovu muda mrefu kabla ya siku ya kukatika.

Basi hebu tumtengeneze paka huyo upya, wa urefu wa sentimita nane akiwa ameketi. Kiwiliwili chake kitakuwa kama yai la sentimita tano kwa nne, nacho kitakula gramu saba za sufu. Kichwa, mpira wa sentimita tatu, kitahitaji gramu mbili na nusu hivi. Masikio, miguu, mkia na ngozi ya nje vitachukua gramu tatu nyingine. Kama huna mizani ndogo nyumbani, muungwana yeyote anayeuza viungo pale Marikiti atakupimia, ingawa huenda akakuuliza unataka kupika nini na manyoya ya kondoo. Gramu saba zikiwa hazijabanwa ni lundo kubwa, karibu sawa na dafu dogo. Usishtuke ukaona ni nyingi mno na kuzipunguza. Sufu itasinyaa sana kabla ya kuwa ngumu.

Chini yake weka kipande cha sponji ngumu ya godoro chenye unene wa inchi mbili, ili ncha isigonge meza. Sponji laini ya mto haifai, kwani hubonyea pamoja na kazi yako.

Usikate sufu kwa mkasi. Ichane kwa mikono, ukiacha nafasi ya kutosha kati ya mkono na mkono, ili nyuzi zibaki na ncha zisizolingana. Panga utepe wenye upana wa sentimita tano na urefu wa thelathini. Sasa anza upande mmoja na ukunje kwa kukaza, kama unavyokunja mkeka unaotaka kuufunga kwa safari. Hapa ndipo pana siri yote. Usingoje mpaka umalize kukunja ndipo uanze kudunga. Kila unapokunja nusu mzunguko, simama, udunge mara kumi au kumi na tano kwenye mkunjo huo, kisha ukunje tena. Kwa njia hiyo sehemu ya katikati kabisa hukazwa ikiwa bado iko wazi na sindano yaweza kuifikia bila taabu. Ukizungushia kila kitu kwanza, katikati itakuwa imefichwa nyuma ya tabaka nyingi, na kuifikia baadaye ndiko kulikomgharimu msichana wetu sindano tatu.

Ukifika mwisho wa utepe, shika sindano namba 36 na udunge kwa kina, ncha ifike katikati ya mkunjo, yaani sentimita mbili hivi. Dunga, toa, geuza kidogo, dunga tena. Zunguka pande zote, na usisahau juu na chini, kwa sababu miisho ya mkunjo hupenda kubaki wazi kama kinywa cha gunia. Ikunje ndani na kuidunga. Usikae mahali pamoja muda mrefu, kwani pale utakapokaa patabonyea shimo. Kazi hii yaweza kuchukua saa nzima, na mwenye pupa hapa ndipo anapoanza kudunga juu juu ili aone sura mapema.

Utajuaje kwamba kiini kimekaza? Macho hayatakuambia. Vidole vitakuambia kwanza. Kibonyeze baina ya kidole gumba na cha shahada. Kikiwa tayari, kitabonyea kidogo tu kama mpira wa tenisi na kurudi papo hapo. Kikibonyea sana, kikarudi polepole au ngozi yake ikafanya makunyanzi, ndani ni kutupu. Kipimo cha pili ni sindano yenyewe. Isukume taratibu na usikilize mkono wako. Ukihisi ugumu ule ule tangu juu hadi katikati, uko salama. Ukihisi ugumu kwanza, kisha ghafla sindano ikatelemka kama imepotea njia, una yai la nusu.

Yai hilo si la kutupa, maadamu hujaanza kupigana nalo. Tumia sindano ile ile nene, ingia wima na polepole, kwa kina, pande zote, ukiacha juu juu kwanza. Litasinyaa na kuwa dogo kuliko ulivyotaka. Halafu lizungushie tabaka jingine jembamba la sufu na udunge mpaka lishike. Ikiwa ngozi imekuwa ngumu kiasi kwamba sindano yahitaji kusukumwa kwa nguvu za bega, liache liwe kiini cha mnyama mkubwa zaidi siku nyingine. Sindano ina thamani kuliko gramu saba za sufu.

Sasa tuzungumzie mkono, kwani hata kiini kizuri hakiwezi kuiokoa sindano iliyo katika mkono mbaya. Sheria ni moja: sindano itoke kwa njia ile ile iliyoingilia. Hukatazwi kudunga kwa mshazari. Kuchonga shavu au kupindisha mgongo kwahitaji mshazari. Kinachokatazwa ni kubadili mwelekeo ukiwa ndani, yaani kuingia wima na kutoka umeinama. Usiitumie kama wenzo wa kuinulia sufu au kusukumia sikio likae sawa. Na ule mkono wa kushoto unaoshikilia kazi ufundishe kungoja. Sindano itoke kabisa, ndipo donge ligeuzwe. Wanaoanza huwa na mwendo wa kasi mno, mkono wa kulia ukidunga huku wa kushoto ukizungusha kama anayemenya chungwa. Ni mara mbili kwa sekunde tu inayohitajika, na macho yabaki kwenye ncha. Mchezo wa televisheni usikilize, usiutazame. Vidole vyako viko karibu.

Jambo jingine linalokatisha sindano ni ububu wake. Vijino huchakaa. Sindano nzima hutoa mlio hafifu wa kukwaruza inapoingia kwenye sufu, na kila mdungo unaona nyuzi zikizama. Ikinyamaza, ikaingia na kutoka bila kubeba kitu, utajikuta unaongeza nguvu bila kujua. Hapo ibadilishe.

Kichwa chatengenezwa kwa namna ile ile ya kukunja na kudunga, ila upande wa shingo usiukaze. Uache na manyoya yaliyofumuka ya sentimita mbili hivi. Manyoya hayo utayatandaza juu ya mabega ya kiwiliwili na kuyadunga yazame ndani yake. Kiini kikiwa kigumu, kichwa kitashika kwa midungo hamsini au sitini na hakitayumba. Masikio ni pembetatu bapa, zinadungwa juu ya sponji pande zote mbili, nazo pia huachwa na manyoya chini. Kuhusu waya za kutia ndani ya miguu na mkia, ambazo watu wengi hupenda kuuliza, ushauri wangu ni kuziacha. Paka aliyeketi hazihitaji, na kila waya ni chuma kingine cha kugonga sindano.

Mwisho mvike ngozi. Chukua merino kidogo sana, iwe nyembamba hata uone mkono wako ng'ambo yake, uitandaze na kuidunga kwa namba 40, milimita tatu au nne tu. Sindano hii nyembamba haina kazi katikati ya kiini. Ukiipeleka huko itakatika, na itakatikia ndani.

Na hapo ndipo kwenye jambo zito, kwani paka huyu anakwenda mikononi mwa mtoto wa miaka mitatu, naye kama watoto wote wa umri huo atamtia kinywani kabla ya kumpa jina. Msichana wetu alikuwa akimalizia sikio la kushoto aliposikia mlio mdogo, "tak". Sindano ilipungua sentimita moja.

Alifanya jambo la busara: hakugeuza kitu. Aliweka kidole pale pale alipokuwa akidunga, akamwita ndugu yake alete kalamu, wakatia alama. Kisha akalaza sindano iliyokatika kando ya nzima juu ya karatasi nyeupe, ili ajue hasa kipande kinachotafutwa kina urefu gani. Hatua hii wengi huiruka. Wakipata kipande cha nusu sentimita hufurahi na kuacha, ilhali nusu nyingine ingalimo. Wakakagua sponji kwanza, kwa sababu mara nyingi ncha hubaki huko, kisha nguo zake na sakafu. Hawakuona kitu.

Ndugu yake akaleta sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu. Sindano hizi ni za chuma, nazo huvutwa na sumaku, lakini sumaku dhaifu ya kubandika kwenye friji haiwezi kuitoa ncha iliyozama katika sufu iliyokaza. Waliipitisha polepole karibu na alama, wakimshika paka kwa wepesi, na wakahisi akivutika upande mmoja, nyuma ya sikio. Hapo walilifumua sikio, wakaikwatua sufu kwa ncha ya pini kidogo kidogo mpaka kikaonekana kitu chenye kung'aa, wakakitoa kwa kibano cha nyusi. Walikipima juu ya karatasi. Vipande viwili vilikamilisha sindano moja nzima.

Nilimuuliza, je, wasingekipata?

"Asingempata mtoto yule paka," alijibu. "Ningemkata katikati nitafute, na nisipoona, namtupa. Shangazi mtu siwezi kulala."

Sina cha kuongeza kwa hilo, ila kuwakumbusha wazazi kwamba paka ambaye ncha yake haikupatikana hafai hata kuwekwa juu ya kabati, maana makabati hufikiwa. Kwa mtoto mdogo vilevile usitie macho ya shanga. Dunga vidonge viwili vya sufu nyeusi, kila kimoja kikubwa kama punje ya pilipili manga.

Limebaki suala la hewa yetu. Sufu hunywa unyevu wa hewani hadi kukaribia theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa, na wakati wa masika gramu saba za Mombasa si gramu saba za Nanyuki. Ianike kivulini penye upepo kabla ya kuipima. Sindano nazo hushika kutu upesi kwa chumvi ya bahari na jasho la vidole, na kutu hula vijino na kuacha madoa kwenye sufu nyeupe. Ukimaliza kazi zifute, zipake tone la mafuta ya cherehani, uzitie katika kichupa chenye kifuniko pamoja na kitambaa kikavu. Siku ya kuzitumia zidunge kwanza mara ishirini katika kipande cha sufu usichokihitaji, ili mafuta yabaki huko. Na zihesabu, unapozitoa na unapozirudisha.